Kila Aliyefariki Amekufa, Lakini Si Kila Kilichokufa Kimefariki

Tangu mtihani wa KCPE ufanywe kwa mara ya mwisho nchini Kenya mwaka 2023, orodha za visawe na vinyume zimeendelea kusambaa katika simu za wazazi na walimu kana kwamba ndizo mtaala wenyewe. Umbo lake ni lile lile: safu ya kwanza ina neno, ya pili ina kisawe chake, ya tatu ina kinyume. Katika nyingi ya orodha hizo utakuta mstari unaosema kwamba kisawe cha kufa ni kufariki na kinyume chake ni kuzaliwa. Mtoto huukariri, akaenda nao katika zoezi, akakutana na sentensi inayosema kwamba mbuzi wa jirani alikufa, akachagua «alifariki», na mwalimu akamkosoa. Hapo malalamiko huanza. Mzazi hufungua kamusi, akaona kwamba fariki imeelezwa kwa neno kufa, akauliza ni kwa haki gani mtoto amenyimwa alama. Wengi wanaomsikiliza humuunga mkono na kusema kwamba mwalimu anachagua mno.

Naamini mwalimu huyo yuko sahihi, na kwamba malalamiko hayo yanatokana na kutoelewa zoezi lenyewe linauliza nini. Zoezi la visawe haliulizi ni maneno gani mawili yanayofanana. Linauliza ni neno gani linaloweza kukaa mahali pa jingine katika sentensi hii, likisemwa na mtu huyu kwa msikilizaji yule, bila kuiharibu maana wala kuivuruga sajili, yaani ile namna ya lugha inayoafiki hali na wahusika. Kazi ya kwanza ni kukaribia maana. Ya pili ni kukagua kama sajili bado inafaa. Orodha hufundisha kazi ya kwanza, tena nusu yake tu, na ya pili haiigusi kabisa. Nitatumia neno moja kuonyesha hivyo, neno hilo hilo kufa, kwa sababu Kiswahili kimelizungushia maneno mengi kuliko karibu kitenzi kingine chochote, na kwa sababu makosa yake huumiza watu.

Tuanze na historia kidogo ya jinsi somo hili linavyopimwa. Katika KCPE, karatasi ya Kiswahili ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua, na sehemu ya kwanza ilikuwa vifungu vyenye mapengo: mtahiniwa alisoma kifungu kizima, kisha akachagua neno moja kati ya manne la kujaza kila pengo. Lawama za maswali ya kuchagua ni nyingi, na nyingine nazikubali, lakini angalau pengo lilikuwa ndani ya kifungu chenye mwenendo wake. Katika KCSE, karatasi ya pili hugawa alama zake 80 hivi: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Mwishoni mwa ufahamu huja lile swali ambalo kila aliyepita kidato cha nne analikumbuka, la kueleza maana ya maneno «kama yalivyotumika katika taarifa». Maneno hayo manne ndiyo msingi wa hoja yangu yote. Bahati mbaya ni kwamba sajili hupewa nafasi yake mbali, katika zile alama 10 za isimujamii, ambako mwanafunzi huandika sifa za lugha ya hospitalini, mahakamani au sokoni kama jambo linalojitegemea. Basi hukua akiamini kwamba msamiati ni somo moja na sajili ni somo jingine, na hapati nafasi ya kuona kwamba kila anapobadilisha neno moja kwa jingine anayagusa yote mawili kwa pamoja.

Sasa turudi kwa mbuzi. Sentensi ilisema: «Mbuzi wa jirani alikufa jana baada ya kula majani yenye sumu.» Chaguo zilikuwa alifariki, aliaga dunia, alikata roho na alizirai. La mwisho linaondoka mara moja, kwa kuwa kuzirai ni kupoteza fahamu, na mwenye kuzirai anaweza kuamka. Matatu yaliyobaki yote yanahusu mwisho wa uhai, na hapa ndipo orodha inapomwacha mtoto peke yake. Kufariki asili yake ni kuachana au kutengana, na ndiyo maana umbo lake kamili ni kufariki dunia: mtu anaachana na dunia. Kuaga dunia ni kuipa dunia kwaheri. Maneno yote mawili yanamchukulia anayeondoka kuwa ni mtu, mwenye uhusiano na dunia anayoiacha na watu wa kuagana nao. Ukiyatumia kwa mbuzi, sentensi haiwi kosa la sarufi, lakini msikilizaji atadhani unasimulia hekaya ya wanyama wanaozungumza, au unamdhihaki mwenye mbuzi. Kukata roho kunataja kile kitendo cha mwisho, pumzi inapokatika, na hakumbagui mnyama na mtu. Kwa hiyo katika sentensi hii jibu ni «alikata roho», na mtoto aliyechagua «alifariki» amekosa, ingawa hakukosea kuhusu maana ya jumla.

Kumbe hata jibu hilo lina mipaka yake. Kwa kuwa kukata roho kunahusu dakika ile ya mwisho, hakukai vizuri mahali ambapo kufa kunasemwa kwa ujumla au kwa muda mrefu. Tukisema kwamba mbuzi hufa kwa wingi wakati wa kiangazi, hatuwezi kuweka «hukata roho kwa wingi» bila sentensi kuyumba. Tukisema mti umekufa, neno la karibu ni umekauka, kwa sababu mti hauna roho ya kukata wala dunia ya kuiaga. Tukisema injini imekufa, la karibu ni imeharibika. Tukisema lugha fulani imekufa, la karibu ni imetoweka. Kitenzi ni kile kile, kiima kimebadilika, na kisawe kimebadilika nacho kila mara. Ndiyo maana nasema kwamba swali la «kisawe cha kufa ni nini» halina jibu mpaka tuambiwe ni nani au ni nini kilichokufa.

Hoja ya kamusi, ambayo ndiyo hoja inayotolewa kwa sauti kubwa zaidi, naiona kuwa dhaifu kuliko zote, na inafaa kuichambua kwa makini kwa sababu inaonekana ina nguvu. Inasema hivi: kamusi imeeleza fariki kwa neno kufa, kwa hiyo maneno haya mawili ni sawa, kwa hiyo lolote kati yao linaweza kushika nafasi ya jingine. Kosa liko katika ile «kwa hiyo» ya kwanza. Mtunzi wa kamusi anapoeleza neno, hulieleza kwa neno pana na jepesi kuliko lile analolieleza, la sivyo msomaji hataelewa. Fariki ni neno jembamba, na kufa ni neno pana. Njia hiyo ni ya upande mmoja: kila aliyefariki amekufa, lakini si kila kilichokufa kimefariki. Ni kama kueleza kwamba jogoo ni kuku. Hakuna anayesoma maelezo hayo akahitimisha kwamba kila penye kuku paandikwe jogoo. Basi mzazi aliyefungua kamusi amesoma vizuri, ila amesoma kwa kurudi nyuma. Kutoka fariki kwenda kufa, maana inashikilia na sajili peke yake ndiyo inayoweza kuharibika. Kutoka kufa kwenda fariki, hata maana yenyewe inaweza kuponyoka, kama ilivyoponyoka kwa mbuzi, mti na injini. Ninapotunga swali huwa najaribu kubadilisha maneno kwa pande zote mbili, na mara nyingi huko ndiko naona ni upande gani utakaomwangusha mwanafunzi.

Tukimwondoa mbuzi na kumweka mtu, ukaguzi wa sajili unakuwa mzito zaidi. Niliwahi kusahihisha barua ya rambirambi ambamo mwanafunzi mwema, aliyetaka kuonyesha msamiati, alimwandikia rafiki yake: «Nimesikitika sana kusikia kwamba baba yako amekata roho.» Kisarufi hakuna cha kumlaumu. Kimaana hakuna pia, maana baba yule alikuwa amekufa. Lakini neno hilo linamrudisha mfiwa kitandani pa mgonjwa, linamlazimisha aione tena pumzi ikikatika, na hakuna mtu anayekwenda kutoa pole akaanza kwa kueleza tukio hilo. Mwanafunzi huyo alikuwa amekariri kwamba kufa, kufariki na kukata roho ni visawe, na akachagua lililoonekana kuwa na uzito wa fasihi. Alichohitaji kuambiwa ni kwamba katika rambirambi Kiswahili hutumia tasfida, yaani lugha ya kupunguza ukali, na kwamba tasfida zenyewe hazilingani.

Angalia zile zinazosikika mara nyingi. «Ameaga dunia» na «amefariki dunia» zinaweza kusemwa na yeyote: jamaa, jirani, mtangazaji wa redio, karani. «Ametutoka» ina kiambishi cha sisi ndani yake, na kwa hiyo msemaji anajihesabu miongoni mwa walioachwa. Ripoti ya polisi ikiandika kwamba dereva «ametutoka», msomaji atajiuliza polisi wamekuwaje ndugu wa dereva. «Ametangulia mbele ya haki» inabeba imani kwamba kuna hukumu na kwamba waliobaki watafuata, na inapendeza kinywani mwa anayeishiriki imani hiyo. «Amelala katika Bwana» ni ya Wakristo, na kuiweka katika tangazo la msiba wa Mwislamu ni kosa ambalo hakuna alama za kulipima. Maneno haya yote yangeingia katika mstari mmoja wa orodha. Maana yake ya msingi ni moja. Tofauti yake yote iko katika nani anasema, kwa nani, na anasimama wapi kuhusiana na marehemu.

Hapa lazima nitahadharishe dhidi ya kosa la upande wa pili, ambalo walimu wenye bidii hulifanya. Wakishagundua kwamba kufa kunaweza kusikika kwa ukali, huwafundisha watoto kwamba neno lenyewe ni la utovu wa adabu na lisitumike kwa mtu kamwe. Hilo si kweli. Shina hilo hilo linaishi kwa heshima kamili ndani ya lugha rasmi ya msiba. Tunasema familia imefiwa, tunawaombea wafiwa, tunatoa taarifa ya kifo, tunachukua cheti cha kifo. Tena jaribu kutafuta kisawe cha kitenzi katika sentensi «Amefiwa na mama yake» na utaona ugumu: fariki haina umbo linalotumika kwa kawaida la kumtaja aliyeachwa, na aga dunia haina pia. Lazima uijenge upya sentensi, useme kwamba mama yake amefariki, na ukifanya hivyo umemtoa mfiwa katika nafasi ya kiima na kumweka marehemu. Umepata maana iliyo karibu, ila umebadilisha anayezungumziwa. Pia kufa ni neno stahiki kabisa tunaposema ukweli wa jumla, kwamba kila mwanadamu atakufa, na katika methali halibadilishwi hata kidogo. «Siku ya kufa nyani miti yote huteleza» haikubali kufariki, na «mfa maji haachi kutapatapa» haina umbo mbadala. Kwa hiyo sajili haikai katika shina la neno kama rangi iliyopakwa. Inakaa katika umbo linalotumika mahali fulani, na mwanafunzi anapaswa kukagua umbo hilo, si shina.

Mfano mwingine wa namna shina linavyopotosha ni hayati. Mwanafunzi anayeanza kuzoea kulinganisha mashina ataona kwamba hayati na hai zinafanana, na hajakosea, kwa kuwa hayati asili yake ni uhai na Kiswahili kingali kinalijua kwa maana ya maisha. Akiulizwa kinyume cha marehemu anaweza kuandika hayati, na akaona amejibu kwa akili. Lakini katika matumizi ya leo hayati hutangulia jina la mtu mashuhuri aliyekufa, kama tunavyosema Hayati Julius Nyerere, na hivyo ni kisawe cha marehemu wala si kinyume chake. Tena ni kisawe chenye sajili yake: marehemu anafaa kwa mtu yeyote aliyekufa, na hayati kwa kawaida huwekewa viongozi na watu waliojulikana na umma. Vivyo hivyo, maiti na marehemu wote wanamhusu aliyekufa, ila maiti ni mwili na marehemu ni mtu. Tangazo la mazishi husema kwamba mwili wa marehemu utasafirishwa, na likisema maiti itasafirishwa, jamaa wataumia. Mnyama aliyekufa ni mzoga, na neno hilo likisemwa kwa mtu huwa ni tusi.

Nikija kwenye vinyume, jambo la kwanza ni kuondoa mkanganyo mmoja unaojirudia: hakufa si kinyume cha alikufa. Huo ni ukanushi, na ukanushi unasema tu kwamba jambo halikutokea. Kinyume ni neno jingine linalosimama upande wa pili wa mstari ule ule. Swali gumu ni kwamba mstari wenyewe ni upi, kwa sababu kufa kumo katika mistari zaidi ya mmoja, na orodha inayoandika «kuzaliwa» peke yake imechagua mstari mmoja bila kumwambia mtoto.

Katika wasifu wa mtu, anazaliwa mwaka fulani na kufa mwaka fulani. Hapo tunapima mwanzo na mwisho, na kinyume ni kuzaliwa. Katika sentensi «Watu watatu walikufa na mmoja anaishi mpaka leo», tunapima hali, na kinyume ni kuishi. Kando ya kitanda cha mgonjwa, ambapo ndugu wanangoja kujua mwisho wa maradhi, kinyume ni kupona, na lugha yenyewe imelithibitisha hilo katika usemi wa kufa kupona, ambao hutumika hata kwa mechi ya mpira. Katika mahubiri, ambako kufa kunaweza kutenguliwa, kinyume ni kufufuka. Hayo ni majibu manne, yote ya kweli, na hakuna hata moja linaloweza kuchukua nafasi ya jingine. Ukimwambia ndugu wa mgonjwa kwamba hamjui kama atakufa au atazaliwa, hutaeleweka kabisa, ingawa umetumia jozi iliyomo kwenye orodha.

Sajili inaingia hapa pia, jambo ambalo watunzi wengi wa maswali hawaliwazi wanapofika kwenye vinyume. Jozi nzuri ya vinyume hukaa katika kiwango kimoja cha lugha. Wasifu rasmi husema kwamba mtu alizaliwa na alifariki dunia, na ukiandika «alizaliwa mwaka 1922, akakata roho mwaka 1999» umemwinua kwa kitenzi kimoja na kumshusha kwa kingine. Katika lugha ya ibada, Wakatoliki hukiri kwamba Kristo atakuja kuwahukumu wazima na wafu, na humo kinyume cha mfu ni mzima. Nje ya ibada, neno hilo hilo mzima kinyume chake cha kwanza ni mgonjwa, na likisemwa juu ya chungwa au mkate kinyume chake ni nusu au kipande. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kinyume cha mfu ni hai, akakuta «wazima» katika kifungu, anaweza kudhani mwandishi amekosea. Mwandishi hakukosea. Amechagua neno linalokaa katika sajili ya maombi.

Wapo wanaopinga mtazamo huu kwa hoja nzito zaidi ya ile ya kamusi. Ya kwanza ni ya walimu wa madarasa ya chini, kwamba mtoto asiyejua kabisa kuwa fariki inahusu kufa hawezi kuanza kukagua sajili, na kwamba orodha humpa hatua ya kwanza. Nakubaliana nao. Sitaki orodha zichomwe. Nataka ziandikwe kwa namna inayosema ukweli, kila neno likiwa na sentensi moja fupi kando yake: mbuzi alikufa, mzee alifariki dunia, mti umekauka. Sentensi tatu hazimlemei mtoto kuliko maneno matatu matupu, na zinamzuia kuamini jambo ambalo baadaye atalazimika kulisahau.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na imenisumbua kwa muda. Inasema kwamba sajili hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, kwamba mtoto wa pwani, wa bara, wa Kenya na wa Tanzania hawasikii uzito uleule katika neno moja, na kwamba mwalimu anayekosoa sajili huenda anakosoa tu malezi ya mtoto. Ni kweli kwamba masikio yanatofautiana. Lakini ukiangalia mahali yanapotofautiana utaona kwamba ni pembeni, baina ya maneno yaliyo karibu sana, kama fariki na aga dunia, ambayo mtunzi mwangalifu hatayapambanisha hata hivyo. Sijapata kuona eneo la Waswahili ambako mbuzi hufariki dunia, au ambako rambirambi huanza kwa kukata roho. Tofauti za kimaeneo zinatudai tueleze muktadha ndani ya swali, nani anasema na kwa nani, ili mtoto asilazimike kukisia. Hazituambii kwamba muktadha hauna maana.

Tuangalie basi swali linalokidhi masharti haya linavyotungwa. Chukua sentensi hii: «Kwa masikitiko makubwa, familia inatangaza kwamba mzee wetu ______ usiku wa kuamkia leo.» Maneno «kwa masikitiko makubwa», «familia inatangaza» na «mzee wetu» yanamwambia mtahiniwa kwamba hili ni tangazo, linatolewa na jamaa, mbele ya umma, kwa heshima. Chaguo ziwe: amekufa, amekata roho, ameaga dunia, amezirai. Amezirai linakosa kwa maana. Amekufa lina maana sahihi na linakosa kwa ukavu wake katika tangazo la aina hii. Amekata roho lina maana sahihi na linakosa kwa sababu linaonyesha tukio ambalo tangazo linataka kulifunika. Ameaga dunia linapita kote kuwili. Kila jibu lisilofaa halifai kwa sababu yake mwenyewe, na mwalimu akiona darasa zima limechagua amekata roho, anajua kwamba maana imeshaeleweka na kilichobaki kufundishwa ni sajili. Wakichagua amezirai, anajua kwamba tatizo liko hatua ya nyuma. Tungeongeza amefariki katika chaguo hizo, tungekuwa tumeharibu swali, kwa sababu maneno mawili yangepita na mtoto angeadhibiwa kwa kukosa kusoma mawazo ya mtunzi.

Kipimo rahisi cha kutambua swali baya ni kuifunika sentensi kwa mkono na kubakiza neno na chaguo zake. Ukiweza kujibu bila sentensi, na jibu likabaki lile lile ukiifunua, basi sentensi ile haikuwa na kazi, na swali limepima kumbukumbu ya orodha. Nimelifanya jaribio hili kwa mazoezi mengi yanayonifikia, na mengi huangukia hapo: sentensi imewekwa ili swali lionekane la kisasa, lakini mtunzi hakuitegemea alipochagua jibu. Kipimo cha pili ni kukamilisha ubadilishaji mpaka mwisho na kuisoma sentensi nzima kwa sauti. Kufa kukiondoka, huenda dunia ikahitaji kuingia, kiambishi kikahitaji kubadilika, au kiima chenyewe kikakataa kitenzi kipya. Mwanafunzi anayeishia kwenye neno hawezi kuyaona hayo, na mara nyingi hata mtunzi hakuyaona.

Kinachobaki ni usahihishaji, na hapo ndipo naona mabadiliko yanaweza kuanza bila kungoja mtaala mpya. Miongozo ya kusahihisha katika shule zetu mara nyingi hutaja jibu moja, kisha huweka neno «kadiria», ikimwachia mwalimu uamuzi wa majibu mengine. Kukadiria bila msingi ndiko kunakomfanya mzazi ahisi kwamba mtoto wake ameonewa. Mwongozo ungeweza kugawa alama mbili za swali, moja kwa anayechagua neno lenye maana inayokaribia, ya pili kwa anayeeleza kwa sentensi moja kwa nini neno hilo linafaa kwa msemaji na msikilizaji waliotajwa. Mtoto aliyeandika kwamba mbuzi alifariki angepata alama moja kati ya mbili, kwa kuwa anajua fariki inahusu mwisho wa uhai, na kando ya jibu lake mwalimu angeandika kwamba neno hilo huwekewa watu. Mzazi akija na kamusi mkononi, kungekuwa na jambo mahususi la kuzungumza: alama aliyoipata, aliyoikosa, na sentensi ambayo wote wawili wanaweza kuisoma kwa sauti.